Saa mbili ya nani? Kutuma tangazo la chama kwa mpigo mmoja au kwa zamu za miji

Mwezi wa Julai mwaka juzi nilituma kikumbusho cha ada ya mwezi saa mbili asubuhi, nikiwa Unguja, chai mkononi. Hazikupita dakika kumi simu ikalia. Alikuwa shangazi yetu mmoja anayeishi Houston, sauti inamtetemeka: "Mwanangu, nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, shangazi, ni ada tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwake ni saa sita usiku, na kwamba mtu wa ughaibuni simu ikimlilia saa hizo hafikirii ada, anafikiria msiba. Akakata.

Chama chetu ni cha watu wa visiwani. Wengi wako Unguja, Pemba na Dar es Salaam, kundi kubwa liko Maskati, na waliobaki wamegawanyika London, Toronto na Houston. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo kila tangazo linapita mkononi mwangu. Baada ya simu ile tulijaribu njia tatu za kutuma, kila moja kwa miezi kadhaa. Hapa naziweka ubavu kwa ubavu, kwa sababu naona vyama vingi vinaanza kwa kuulizana programu ipi ni nzuri, wakati la kuamua kwanza ni jingine: watu wote wapate ujumbe kwa dakika ileile, au kila mji uupate kwa saa yake nzuri?

Mpigo mmoja

Njia ya kwanza ni kuchagua saa moja ambayo hakuna mji uliolala, na kutuma mara moja kwa wote. Kwa miji yetu saa hiyo ipo, ila ni nyembamba: saa 2 usiku ya Unguja. Hapo Unguja na Pemba watu wametoka kuswali Isha, Maskati ni saa 3 usiku na bado hawajalala, London wako jioni, na Marekani na Kanada ni mchana. Ukiisogeza mbele kwa saa mbili Maskati wanalala. Ukiirudisha nyuma kwa saa kumi na mbili unarudi kwenye simu ya shangazi.

Tatizo ni kwamba saa hiyo haikai mahali pamoja mwaka mzima. Afrika Mashariki na Omani hatusogezi saa. Uingereza, Marekani na Kanada wanasogeza, tena si kwa siku moja. Marekani na Kanada wanaanza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza wanaanza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja ya mwisho wa Oktoba ambapo upande mmoja umeshasogea na mwingine bado. Kwa mwaka 2026, tangazo la saa 2 usiku ya Unguja linaangukia hivi:

| Kipindi | Unguja | Maskati | London | Toronto | Houston |
|---|---|---|---|---|---|
| Hadi 7 Machi | 20:00 | 21:00 | 17:00 | 12:00 | 11:00 |
| 8–28 Machi | 20:00 | 21:00 | 17:00 | 13:00 | 12:00 |
| 29 Machi–24 Oktoba | 20:00 | 21:00 | 18:00 | 13:00 | 12:00 |
| 25–31 Oktoba | 20:00 | 21:00 | 17:00 | 13:00 | 12:00 |
| Kuanzia 1 Novemba | 20:00 | 21:00 | 17:00 | 12:00 | 11:00 |

Kwa tangazo la kusoma tu, saa moja huku au kule si kitu. Kwa mkutano wa simu, ndiyo inayoua. Katika wiki zile za Machi kuna mwaka watu wa Toronto waliingia mkutanoni saa nzima kabla ya sisi kuanza, kwa sababu walikuwa wamezoea kwamba mkutano ni saa 6 mchana kwao, na hakuna aliyewaambia kwamba saa zao ndizo zilizosogea. Walikuta hakuna mtu.

Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuhakikisha tarehe yoyote kwa mstari mmoja, asitegemee hesabu ya vidole:

```
TZ=America/Toronto date -d 'TZ="Africa/Dar_es_Salaam" 2026-03-15 20:00'
```

Jibu linatoka 13:00. Angalia kwamba nimeandika jina la mji, sikuandika tofauti ya saa. Hii ndiyo kanuni popote utakapoulizwa saa za eneo: chagua `Europe/London`, usichague `GMT`, maana GMT haisogei na London inasogea. Kijana wetu mmoja alichagua GMT mwezi wa Februari, kila kitu kikaenda sawa hadi mwisho wa Machi, kisha matangazo ya London yakaanza kuchelewa saa moja na hakuna aliyeelewa kwa nini.

Na Ramadhani saa 2 usiku haifai kabisa. Watu wako kwenye tarawehe, na anayetuma tangazo la mchango wakati huo atasemwa. Mwezi huo tunahamia saa 11 jioni ya Unguja. Wanaopika futari hawatausoma papo hapo, lakini watausoma wakishafuturu, na huko Amerika wataupata asubuhi.

Zamu za miji

Njia ya pili ni kuwagawa wanachama kwa mji, na kila mji ukapata ujumbe kwa saa yake, tuseme saa 2 usiku ya hapo alipo. Inapendeza kuisikia. Hakuna anayeamshwa, na ujumbe unamkuta mtu amekaa sebuleni.

Sasa ihesabu. Majira ya joto ya huko, Maskati wanapata kwanza, Unguja ikiwa saa 1 usiku. Unguja wanafuata baada ya saa moja. London wanapata Unguja ikiwa saa 4 usiku. Toronto wanapata sisi tukiwa saa 9 za usiku, na Houston saa 10, alfajiri inakaribia. Kati ya Maskati na Houston zimepita saa tisa, na majira ya baridi ni kumi. Katika saa hizo, yule wa Maskati ameshaupeleka ujumbe kwa dada yake wa Houston mara tatu, na umefika na maoni juu yake.

Kwa kikumbusho cha ada hilo halina neno. Lakini tuliwahi kuitumia njia hii kuitisha majina ya wagombea wa kamati, nafasi saba, wa kwanza kujiandikisha ndio wanaoingia. Houston walipopata kuusoma ujumbe wao, majina saba yalikuwa yamekamilika: manne ya Maskati, matatu ya Unguja. Ami mmoja wa huko aliandika kwenye grupu mstari mmoja tu: "Kumbe chama kina daraja la kwanza na la pili." Tulilazimika kuanza upya, na alikuwa na haki.

Zamu zina mtihani mwingine, wa kujua nani yuko wapi. Namba ya simu haitoshi kukuambia. Wapo walioko London miaka kumi na WhatsApp yao bado ni ya +255. Na +1 ni ya Toronto na ya Houston kwa pamoja, miji yenye tofauti ya saa moja. Sisi tuliongeza safu moja tu kwenye daftari la wanachama, "Mji unaoishi sasa", tukamuuliza kila mtu. Wapo walioona tunawapeleleza. Ilichukua karibu miezi miwili kuijaza, na kila mwaka inabidi iulizwe upya kwa sababu watu wanahama.

Programu za barua pepe zinaweza kukufanyia kazi hii zenyewe. Mailchimp, kwa mfano, ina kitu kinachoitwa Timewarp, cha kulipia, kinachompelekea kila mtu kwa saa ya alipo. Ila kinataka upange angalau saa 24 kabla, na sababu ni wazi ukifikiri kidogo: lazima siku iwe haijaanza kuisha popote. Hilo peke yake linakuonyesha njia ya zamu inafaa ujumbe wa namna gani. Msiba haupangwi saa 24 kabla.

Mjumbe wa kila mji

Njia ya tatu ni ya kizamani: katibu anaandika, anampelekea mjumbe wa kila mji mapema, na mjumbe anaubandika kwenye grupu la WhatsApp la mji wake anapoona panafaa. Mashine haiwezi kujua anayoyajua mjumbe. Wa London anajua kwamba nusu ya watu wake wanafanya kazi za usiku kwenye nyumba za wazee, kwa hiyo saa 3 asubuhi, ambayo kwangu ni saa ya heshima, kwao ndiyo kwanza wanaweka kichwa kwenye mto. Wa Maskati anajua kwamba mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, na kwamba Jumapili, ambayo sisi na London tunaiona ya kupumzika, wao wako kazini.

Ubaya wake ni binadamu. Mjumbe anasafiri, anasahau, au anaupunguza ujumbe kwa kuurahisisha. Mara moja mjumbe wetu aliondoa mstari wa tarehe ya mwisho kwa sababu aliona "umejirudia", na mji mzima ukachelewa kuchanga. Tangu hapo tunatuma picha ya tangazo pamoja na maandishi, ili lisikatike.

Chombo gani kinabeba njia gani

Wanachama wako WhatsApp, hilo halina mjadala. Lakini kwenye simu yangu WhatsApp hainipi mahali pa kupanga saa ya kutuma, na orodha ya matangazo ya kawaida inabeba watu 256, tena inawafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Usipojua hilo utaona umetuma kwa 200 na walioupata ni 90, wala hakuna alama ya kosa inayokuambia. Ukiona tiki moja ya kijivu imeganda kwa mtu ambaye unajua yuko hewani, muulize kama amekuhifadhi.

Telegram inashinda hapa. Ukiandika ujumbe na kubonyeza kitufe cha kutuma bila kukiachia, inakuja `Schedule Message`. Ujumbe unakaa kwenye mtambo wao, si kwenye simu yako, kwa hiyo hata betri ikiisha utakwenda. Hapohapo kuna `Send Without Sound`, ambayo kwetu ina thamani kuliko yote: ujumbe unafika lakini simu ya mtu hailii. WhatsApp haimpi mtumaji uwezo huo.

Ila saa unayochagua Telegram ni saa ya simu yako wakati ule unapopanga. Agosti moja nilikuwa London kwa harusi. Nikapanga tangazo la saa 2 usiku kama nilivyozoea. Simu yangu ilikuwa imeshahamia saa za London, nami sikuwaza. Tangazo likafika Unguja saa 4 usiku, Maskati saa 5. Siku hizi nikisafiri, kabla ya kubonyeza naangalia saa iliyo juu ya kioo, kisha nailinganisha na saa ya Unguja niliyoiweka kama saa ya pili kwenye simu.

Kwa wazee wa Pemba wasio na simu janja kuna meseji ya kawaida kupitia kampuni za kutuma meseji kwa wingi. Inafika, inasomwa, na karibu zote zinakuruhusu kupanga saa. Iache ndani ya nchi tu, maana Marekani na Kanada hazipokei meseji yenye jina la chama mahali pa namba, na kusajili namba ya huko ni kazi ya peke yake. Kitu kimoja cha gharama: meseji moja ni herufi 160, lakini ukiweka alama moja tu isiyomo kwenye seti ya kawaida ya simu, kipimo kinashuka hadi herufi 70. Kwa Kiswahili mtego upo kwenye ng'. Ukinakili maandishi kutoka Word, alama iliyonyooka inageuka kuwa iliyopinda, na neno moja "ng'ambo" linatosha kukufanya ulipie meseji mbili au tatu kwa kila mzee. Iandike upya kwa mkono kabla ya kutuma.

Kosa lililobaki ni la lugha

Unaweza kupanga kila kitu sawasawa na bado watu wakapotea, kwa sababu saa yetu ya Kiswahili inatofautiana kwa saa sita na ile iliyo kwenye simu. Ukiandika "mkutano saa 2", mzee wa Wete anajua ni baada ya Isha. Kijana aliyezaliwa Toronto anajua ni mbili mchana. Ukimwandikia "saa 2 usiku" ataamka saa nane za usiku zetu akidhani ndiyo.

Na siku nayo. Kwa wazee wetu siku inaanza jua likitua, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kwa watoto wa ughaibuni usiku wa Ijumaa ni Ijumaa hiyohiyo. Tumewahi kuwa na hitima iliyohudhuriwa kwa siku mbili tofauti na miji miwili, kila mmoja ukiwa na hakika.

Mfano uliotuumiza zaidi ulikuwa mchango wa kisima. Tuliandika "mwisho Ijumaa saa 6 usiku". Mweka hazina akafunga daftari Unguja ilipofika saa 6 usiku. Houston ilikuwa saa 10 alasiri, watu wako kazini. Waliotoka saa 11 jioni na kutuma fedha njiani wakaambiwa wamechelewa, ilhali Ijumaa yao ilikuwa imebakia saa saba. Sasa tarehe ya mwisho ya michango inahesabiwa kwa mji wa mwisho, yaani Houston, na daftari la Unguja linafungwa asubuhi ya Jumamosi. Haina gharama yoyote, na ugomvi umekwisha.

Tunavyochagua sasa

Tangazo la kifo linatumwa palepale, mpigo mmoja, kwa sauti, saa yoyote. Maiti visiwani huzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana, na mtu wa Maskati akipata habari mapema anaweza kuwahi ndege. Ndiyo sababu hakuna ujumbe mwingine unaoruhusiwa kulia usiku. Shangazi wa Houston anapaswa akisikia simu saa sita ajue kwamba hofu yake ni ya kweli. Watoto na ndugu wa karibu wa marehemu hatuwaachii tangazo liwafikie kwanza, mtu anawapigia.

Chochote ambacho watu watakifanya kwa pamoja au watashindania, yaani mkutano, kura, uteuzi, nafasi za gari la mazishi, ni mpigo mmoja saa 2 usiku ya Unguja, bila sauti. Ambacho kila mtu anakifanya peke yake kwa wakati wake, kama ada au kujaza fomu, kinakwenda kwa zamu, na kwetu zamu hizo ni wajumbe wa miji, kwa sababu hatuna hela ya programu ya kulipia na wajumbe tunao. Kama chama chenu kina watu elfu na daftari la miji limekamilika, programu ya barua pepe itawashinda wajumbe. Sisi tuko pungufu ya mia tatu.

Mpango huu una mtu mmoja unaomwonea. Tuna mwanachama Melbourne. Saa 2 usiku ya Unguja kwake ni saa 9 au saa 10 za usiku, kutegemea majira. Saa hiyo inayowafaa wengine wote inamkuta yeye amelala. Alisema yeye atasoma akiamka, ila kwa kura tumekubaliana dirisha likae wazi saa 24 nzima, na hilo limewafaa hata wa kazi za usiku London.

Tangazo letu la mkutano siku hizi linaandikwa hivi, kwa mpangilio huu, bila kuuchezea:

*Mkutano mkuu, Jumapili tarehe 15 Machi 2026.*
*Unguja, Pemba, Dar: saa 5 usiku ya Kiswahili (23:00), baada ya tarawehe.*
*Maskati: 00:00, Jumapili ikiingia Jumatatu tarehe 16.*
*London: 20:00. Toronto: 16:00. Houston: 15:00.*
*Toronto na Houston: saa zenu zimesogea tarehe 8. Hizi ndizo saa mpya.*

Mjumbe wa Maskati alipoiona rasimu hii alinijibu kwa neno moja, "Hapana", na siku ya pili yake ni ya kazi, kwa hiyo tukauhamishia Jumamosi tarehe 14, saa 11 jioni ya Unguja.